Ukuta uliojengwa pasipo na ukuta: nilivyojifunza kusoma ramani ya nyumba nikiwa tayari saiti

Nyumba yetu ipo Kibaha, vyumba vitatu, kazi yangu mimi ipo Morogoro, kwahiyo saiti nilikuwa nafika jumamosi tu, siku zingine zote ni simu na picha za watsapu. Ramani nilichorewa na kijana aliyesomea hayo mambo, akanitumia faili la PDF, nikalifungua kwenye simu nikaona vyumba vimeandikwa majina, sebule hapa, jiko pale, masta kule nyuma, nikasema safi. Kwangu kusoma ramani ilikuwa kusoma majina ya vyumba. Mistari yenyewe sikuiangalia, nilijua hiyo ni kazi ya fundi.

Kuta zilipofika kozi ya sita, yaani safu ya sita ya tofali, nikaenda kama kawaida. Naingia mlango mkubwa nasimama, mbele yangu kuna ukuta. Pale nilipokuwa nategemea sebule ifunguke mpaka dainingi, uwazi wa mita 3 nzima, kuna tofali zimepanda mpaka usawa wa mabega. Nikamwambia fundi hapa si pawazi? Fundi akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mpaka imechakaa, akaweka kidole. "Dada, mistari miwili hii hapa, huu si ukuta?" Na kweli kulikuwa na mistari miwili sambamba kutoka upande mmoja hadi mwingine. Sikuwa na cha kumjibu maana hata mimi nilikuwa naona ukuta.

Tukampigia mchoraji. Swali lake la kwanza lilikuwa, hiyo mistari ni mizima au imekatika-katika? Tukaangalia vizuri. Imekatika-katika. Akasema basi huo sio ukuta, hiyo ni bimu, yaani boriti inayopita juu, chini pawazi. Zilikuwa zimeshaingia tofali kama 40 pale, ukijumlisha saruji, siku ya fundi na saidia fundi wake ya kujenga, halafu siku nyingine ya kubomoa na kusafisha, nilitoa kama laki moja na sabini kwa kitu ambacho hakikutakiwa kuwepo. Niliumia sana, na kilichoniuma zaidi ni kwamba ile karatasi nilikuwa nayo kwenye simu miezi minne.

Mchoraji ndiye aliyenifungua akili, na maneno yake nayaweka hapa kama nilivyoyaelewa kwa sababu kila kitu kingine nilichojifunza kinatokea hapo. Alisema: chukua nyumba ikiwa imeshaisha, ikate kwa msumeno usawa wa kifua, kama mita 1.2 kutoka sakafuni. Kipande cha juu kitoe weka pembeni. Sasa simama juu utazame chini. Unachokiona ndio ramani.

Ndo maana mistari haifanani. Msumeno ulichokikata kinachorwa kwa mstari mnene, na hizo ni kuta, wakati mwingine katikati ya mistari miwili wanajaza rangi nyeusi au vistari vya mshazari ili zionekane haraka. Ambacho hakijakatwa ila unakiona chini ya msumeno kinachorwa kwa mstari mwembamba, mfano sinki, kiti cha choo, meza ya jikoni ya zege, ngazi za kuingilia. Na kilichobaki kwenye kile kipande ulichokitoa, yaani kilichopo juu ya kichwa chako, kinachorwa kwa mistari iliyokatika-katika. Bimu ipo juu, ukingo wa paa upo juu, kabati la jikoni la ukutani nalo mara nyingi lipo juu. Ukiona mistari iliyokatika inazunguka nyumba nzima kwa nje ujue hiyo ni paa imetokeza, usije ukadhani ni fensi.

Usiku ule nililala kwa ndugu yangu palepale Kibaha, nikaomba karatasi ya fundi nikakaa nayo na penseli. Nilifanya hivi: kila mstari mnene niliupitia kwa penseli bila kuinua mkono, mpaka pale unapokatika. Ukuta ukikatika pana sababu yake, ama ni mlango, ama dirisha, ama uwazi mtupu. Hapo ndo nikaanza kuona nyumba yangu kwa mara ya kwanza.

Dirisha lilinichanganya mwanzoni maana pengo lake halipo tupu. Mistari minene ya ukuta inaishia pande mbili, katikati inaunganishwa na mistari myembamba miwili, mitatu au minne. Sababu ni ileile ya msumeno. Dirisha la chumba mara nyingi linaanzia kama sentimita 90 kutoka chini, kwahiyo msumeno wa mita 1.2 unapita kwenye kioo, na mistari miwili ya pembeni ni kingo za ule ukuta uliobaki chini ya dirisha, wa katikati ni kioo chenyewe na fremu yake. Mlango hauna hiyo mistari miwili kwa sababu chini yake hakuna ukuta, unapita.

Sasa na penseli yangu nikafika choo cha masta. Ukuta wa nje umechorwa mzima, mnene, hauna pengo. Ila ndani yake kuna vistari vidogo vimekatika-katika, na pembeni pameandikwa W4. Kama ni mchana ule ningepita tu. Lakini sasa nilikuwa najua kilichokatika-katika kipo juu, na W ni dirisha, kwahiyo hili ni dirisha lililo juu ya msumeno. Dirisha la choo huwa linawekwa juu ili mtu wa nje asichungulie, langu lilikuwa linaanzia mita 1.5. Ukuta wa choo ulikuwa kozi ya sita, tofali letu likiwa wima pamoja na udongo wake wa saruji linakula kama sentimita 25, sita mara 25 ni mita moja na nusu. Yaani tulikuwa tumefika palepale dirisha linapoanzia! Jumapili asubuhi nikamuuliza fundi kuhusu dirisha la choo akasema dada choo hiki hakina dirisha, ramani haionyeshi. Nikamwonyesha. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema sawa, na jumatatu akaacha nafasi ya sentimita 60. Kama ningechelewa wiki moja tungekuwa tumeshapiga lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, juu ya ukuta mzima.

Hizo herufi nazo zina kazi yake. Kwenye ramani nyingi za kwetu D ni mlango na W ni dirisha, na namba inaonyesha aina, D1 zote zinafanana, W2 zote zinafanana. Vipimo vyake huwa kwenye jedwali la milango na madirisha, ambalo linaweza kuwa kwenye ukurasa mwingine kabisa. Langu lilikuwa ukurasa wa 5 na fundi alikuwa amepewa ukurasa wa 2 peke yake, na aliyempa ni mimi. Vipimo vya madirisha nilimwandikia mwenyewe kwenye meseji. Jedwali linasema W1 ni 1500 x 1200, mimi nikamwandikia "1200 kwa 1500" nikijua ni kitu kilekile tu. Sio kilekile. Kwa kawaida kinatangulia upana halafu kimo, na vipimo vyote ni milimita, kwahiyo 1500 ni mita moja na nusu. Fundi akaacha nafasi ya upana wa mita 1.2 kwenye vyumba viwili.

Namna ya kujihakikishia ipo na haihitaji kumuuliza mtu. Ramani unaitazama kutoka juu, haiwezi kukuonyesha kimo cha dirisha hata ikitaka, inaonyesha upana tu. Kwahiyo angalia kwenye mistari ya vipimo iliyopo nje ya ukuta, pale kwenye pengo la dirisha pameandikwa ngapi. Kwangu pameandikwa 1500. Basi 1500 ndio upana, na namba nyingine kwenye jedwali ni kimo, hakuna ubishi. Ilibidi tukate sentimita 15 kila upande, bahati nzuri ukuta ulikuwa umepanda kozi mbili tu kuanzia usawa wa dirisha, haikuwa kazi kubwa. Fundi wa grili nilikuwa sijamlipa. Ningekuwa nimeshamlipa grili nne za vyumba vile, hapo ndo ingeuma.

Kuna kitu kingine nilikigundua usiku ule nikadhani nimechanganyikiwa. Nilichukua rula nikapima jiko kwenye karatasi. Ramani imeandikwa kipimo 1:100, maana yake sentimita 1 kwenye karatasi ni mita 1 saiti, na jiko limeandikwa 3600, kwahiyo nilitegemea rula iniambie sentimita 3.6. Ikaniambia 2.5. Nikarudia, 2.5. Kumbe mchoraji alichora kwa karatasi ya A3 na mimi nilienda steshenari nikatoa kwa A4. Mashine inabana mchoro wote uingie kwenye karatasi ndogo, kila kitu kinapungua mpaka kama asilimia 71, ila maandishi ya 1:100 yanabaki vilevile yanakudanganya. Hata kwenye karatasi sahihi inaweza kutokea ukiacha ile chaguo ya `Fit to page`, ukitaka kipimo kibaki chagua `Actual size`.

Hii ilishatugharimu na sikujua. Mlango wa jikoni haukuandikiwa umbali wake kutoka kwenye kona, kwahiyo fundi alipima kwa rula, akapata sentimita 1.4, akauweka mita 1.4 kutoka kona. Ilitakiwa iwe mita 2. Zile sentimita 60 zilizopotea ndo nafasi ya friji. Kuhamisha mlango ilikuwa gharama sana nikauacha, mpaka leo friji limekaa dainingi na kila anayeingia anauliza. Nakushauri kabla ya kupima chochote kwa rula tafuta kwanza ukuta mmoja ulioandikwa namba, pima huo. Rula na namba zikikubaliana endelea, zisipokubaliana weka rula chini, fuata namba zilizoandikwa, na isiyoandikwa mpigie mchoraji aitaje.

Na namba zenyewe zijumlishe. Upande wa nyuma wa nyumba yangu una vyumba viwili, 3600 na 3300, na ukuta ni 150, yaani tofali la inchi 6 lililosimamishwa. Ukuta wa nje 150, chumba 3600, ukuta wa kati 150, chumba 3300, ukuta wa nje 150, jumla 7350, na kweli mstari wa nje kabisa umeandikwa 7350. Hiyo inakuambia 3600 ni ndani kwa ndani. Wachoraji wengine wanapima katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta, ukijumlisha na kuta hivyo utaona inazidi namba ya nje, na ukiagiza kabati kwa hiyo namba litakataa kuingia. Hata ya ndani kwa ndani toa plasta, kama sentimita moja na nusu kila upande, kwahiyo chumba changu cha 3600 kimebaki kama 3570.

Baada ya hapo nilijiona nimeiva, nikatulia. Tukapiga lenta, tukapaua, plasta, nikaja kuanguka kwenye milango.

Alama ya mlango ni mstari mmoja mwembamba umesimama kutoka ukutani, na robo duara inayotoka kwenye ncha ya huo mstari mpaka upande wa pili wa pengo. Ule mstari ni ubao wa mlango ukiwa wazi. Robo duara ni njia inayopitwa na ncha ya mlango ukiufunga. Hapo unasoma mambo mawili. La kwanza, chumba ambacho robo duara imo ndani yake ndiko mlango unakofungukia. La pili, pale mstari unapogusa ukuta ndipo bawaba zinapokaa, na kitasa kinakuwa upande wa pili, pale robo duara inapoishia. Robo duara mbili zikitazamana ni mlango wa mbao mbili. Mistari miwili myembamba iliyolaliana bila robo duara ni mlango wa kuteleza. Ukuta umekatika na hakuna chochote, ni uwazi mtupu, usinunue mlango.

Mimi la kwanza nilimwambia seremala, la pili sikulijua. Nikasema milango yote ifungukie ndani. Choo cha masta kina upana wa mita 1.5, urefu mita 2.2, mlango wa sentimita 75 upo kwenye ule ukuta mrefu, mwishoni kabisa karibu na kona. Ramani ilionyesha bawaba upande wa kona, ili mlango ukifunguka uende ukalale kwenye ukuta mfupi na usimzuie mtu. Seremala akaweka bawaba upande wa pili. Sasa hesabu: mlango ukiwa wazi unasimama katikati ya choo, sentimita 75 zinatoka kwenye zile 150, zinabaki 75, na ukuta wa mbele una sinki la kunawia lililotokeza sentimita 45. Zinabaki 30. Mtu mzima hapiti, mpaka uingie ujibane kwenye kona, ufunge mlango nyuma yako, ndipo usogee. Mama yangu alipokuja kutembea alishindwa kuingia na fimbo yake, nikaona aibu sana mbele yake.

Ishara ilikuwepo mapema na sikuiona, kwa hiyo nakuonyesha wewe. Ni swichi ya taa ya chumbani. Fundi umeme alifuata ramani, akaweka swichi zote upande wa kitasa, pale mkono unapofika ukiingia. Baada ya milango kuwekwa, chumba cha watoto swichi ikawa nyuma ya mlango. Mlango ukiificha swichi ujue mmoja kati ya fundi umeme na seremala hakufuata ramani, simamisha kazi uangalie mlango mmoja mmoja. Mimi nilidhani ni fundi umeme kakosea nikamlaumu, ikabidi baadaye nimwombe msamaha.

Kubadilisha milango miwili ilikuwa elfu tisini, kwa sababu sio kuhamisha bawaba tu. Seremala inabidi azibe matundu ya bawaba za zamani kwenye fremu, achonge mapya upande wa pili, na kitasa kimeshatobolewa kwenye ubao, kwahiyo tundu la kitasa linazibwa na kutobolewa upya upande mwingine. Mlango wa chumba cha watoto ukiutazama karibu kiraka kinaonekana. Siku hizi nikimwagiza mtu mlango sisemi "kushoto" wala "kulia", maana kushoto kwa aliye ndani ni kulia kwa aliye nje. Nachukua chaki naandika ukutani BAWABA HAPA, upande uleule mstari unapogusa, halafu nachora robo duara sakafuni kwa ukubwa wake halisi. Seremala akifika haulizi.

Ukiweza, fanya hivyo hata kabla ya ukuta. Msingi ukiisha na jamvi, lile zege la sakafu, likiwa limekauka, kuta bado, chukua chaki au chokaa chora milango yote na robo duara zake, chora kitanda, chora sinki, pita humo kama unaishi humo. Ningelichora lile choo langu ningeona.

Mwezi uliopita tulikuwa tunamalizia kibaraza cha mbele. Fundi yuleyule akanitumia picha ya ramani, amezungushia kwa kalamu nyekundu mistari miwili myembamba kati ya nguzo na nguzo. "Dada, huu ni ukuta au ni nini? Sitaki kujenga halafu tubomoe." Nikaitazama. Mistari mizima, haijakatika, kwahiyo haipo juu. Ila ni myembamba, msumeno haukuigusa, kwahiyo ipo chini ya mita 1.2. Nikafungua ukurasa unaoonyesha nyumba kwa mbele, maana kimo ramani ya juu haikwambii, nikakuta pameandikwa 750. Nikamjibu ni ukuta mfupi wa kukalia wageni, fundi, panda kozi tatu usimame.